Kijana hana jino hata moja lililooza, ila meno yanaisha. Ni enaji, kiungulia au maji ya Singida?

Mkazi_Nkuhungu · #1

Wakuu, salaam. Nina kijana wa miaka 16, kidato cha tatu hapa Dodoma mjini. Meno mawili makubwa ya mbele juu yamekuwa mafupi kidogo, na ncha zake ukizitazama kwenye mwanga zinaangaza kama kioo cha chupa. Akinywa maji ya baridi anashika shavu. Kliniki wamempima wakasema hana tundu hata moja, wakanipa dawa ya mswaki na kunirudisha nyumbani. Mdogo wake wa kike, miaka 13, anayekunywa kreti ileile ya soda na kaka yake, ana matundu mawili kwenye magego lakini meno yake ya mbele ni mazima kabisa.

Kijana anakunywa enaji chupa mbili kwa siku: moja saa 11 jioni akitoka mpirani, nyingine usiku akijisomea kuanzia saa 3 mpaka saa 5. Swali langu: kinywaji kimoja kinawezaje kumtoboa mmoja na kumpunguza mwingine? Au kwa kijana kuna kitu kingine kabisa?

Kibatari · #2

Huyo wa kike anakunywa, wa kiume anaogelea. Hahaha. Endelea mkuu, naweka kigoda.

Mwl_Bios · #3

Jibu ni rahisi. Gesi ya soda ni asidi. Enameli, lile ganda gumu la nje ya jino, huanza kuyeyuka pH ikishuka chini ya 5.5, na soda zote ziko chini ya hapo. Kwa hiyo wote wawili wana ugonjwa uleule, tofauti ni hatua tu. Wa kiume bado hajafika kwenye tundu.

Gego_la_Mwisho · #4

Mwl_Bios, kuna viwili hapo vya kurekebisha. Natibu meno, nakutana na hali hii kila wiki.

Kwanza, si ugonjwa uleule. Kuoza kunahitaji ukoga. Bakteria walio ndani ya ukoga wanakula sukari na kutoa asidi yao wenyewe, na ile asidi inabaki imebanwa pale pale chini ya ukoga. Ndiyo maana jino linaoza kwenye mifereji ya gego, katikati ya jino na jino, na ukingoni mwa ufizi, yaani kule mswaki usikofika. Enameli inapoteza madini ndani kwanza huku ngozi ya juu ikiwa bado imesimama. Unaona doa jeupe kama chaki, baadaye ngozi inabomoka ndipo tundu linatokea.

Kumomonyoka hakuhitaji bakteria hata mmoja. Asidi inatoka kwenye chupa, inagusa jino lililo wazi na safi, inaondoa tabaka la juu, kisha tabaka linalofuata. Hakuna tundu kwa sababu jino zima linashuka pamoja, kama kipande cha sabuni. Ndiyo maana unamkuta kijana anayepiga mswaki vizuri kuliko wenzake wote akiwa na meno yaliyomomonyoka. Ukoga mzito unaozesha jino, lakini dhidi ya asidi ya chupa unakuwa kama koti. Sisemi watu waache mswaki, msije mkaninukuu vibaya.

Kwa hiyo nikisoma bandiko #1, sishangai. Binti pengine anapiga mswaki harakaharaka na anakula vitamutamu. Kijana ni msafi, ila asidi inamkuta uchi.

La pili, hiyo 5.5, nitarudi nayo jioni.

Mkazi_Nkuhungu · #5

Daktari, umejuaje kijana ni msafi? Ni kweli, anapiga mswaki mara tatu, na akimaliza enaji ya usiku anausugua mswaki mpaka unasikika chumba cha pili. Na binti umempatia pia, pipi haziishi mfukoni.

Gego_la_Mwisho · #6

Basi hapo kuna mwizi wa pili. Asidi ikishapita, ile ngozi ya juu ya enameli inabaki laini kwa muda. Kijana anaisugua ikiwa bado laini, tena kwa nguvu. Aache kusugua baada ya enaji. Asukutue kwa maji ya kawaida, mswaki aupige kabla ya kuanza kunywa au aje aupige baadaye sana.

Mnyaturu_Halisi · #7

Mnahangaika na soda wakati jibu liko chini ya ardhi. Maji ya kanda yetu hii yana floridi nyingi. Singida watu wana meno ya kahawia toka enzi, na sehemu nyingine ni magadi tunayopikia maharage. Mkuu wa uzi, huyo kijana alikulia wapi?

Mkazi_Nkuhungu · #8

Alizaliwa Singida vijijini, tukahamia Dodoma akiwa na miaka 7. Na ana mistari meupe na madoa ya kahawia kidogo kwenye meno ya mbele, kweli.

Mnyaturu_Halisi · #9

Nimemaliza. Uzi ufungwe.

Kibatari · #10

Mkuu umemaliza uzi wa watu kwa mabandiko mawili, hata chai haijapoa.

Gego_la_Mwisho · #11

Usifungwe bado. Mnyaturu yuko sahihi kwamba kijana ana floridi. Enameli ya meno ya mbele ya utu uzima inatengenezwa ndani ya taya katika miaka ya mwanzo kabisa, kwa hiyo hata angehama akiwa na miaka 7, kazi ilikuwa imeshafanyika. Angekwenda Singida akiwa na miaka 10, meno hayo yasingepata doa.

Lakini doa la floridi linatoka na jino tangu siku linapochomoza. Linakuwa kulia na kushoto kwa kulingana, mistari ya kulala, na linabaki vilevile mwaka hadi mwaka. Ikiwa kali sana, enameli inabanduka vipande na kuacha vishimo vya kukwaruza. Haiachi jino laini, linalong'aa, linalofupika akiwa sekondari. Mkuu wa uzi, una picha yake ya darasa la saba akicheka? Linganisha urefu wa meno.

Mkazi_Nkuhungu · #12

Ninayo. Madoa yalikuwepo vilevile. Ncha za meno zilikuwa nene na nyeupe, na zile kona za jino zilionekana. Sasa kona zimekuwa za mviringo.

Gego_la_Mwisho · #13

Haya, floridi ipo lakini si yeye aliyekula ncha.

Sasa ile 5.5 ya mwalimu. Hiyo namba inatumika kwa asidi iliyo kwenye ukoga, ambako mate yameshatia kalsiamu na fosfeti yake. Kwa kinywaji hakuna namba moja. Cha kuuliza ni kama kinywaji chenyewe kina kalsiamu ya kutosha, kwa sababu kikiwa nayo hakina haja ya kuichota kwenye jino. Chukua maziwa mgando. Uchachu wake unaweka pH karibu na 4, chini kabisa ya 5.5, na bado hayamomonyoi meno. Wagogo wangekuwa hawana meno leo.

Soda nyeusi iko karibu na 2.5, na enaji nyingi ziko kati ya 3 na 3.5. Ukiangalia namba tu utasema enaji ni afadhali. Sivyo. Soma kopo: kwenye soda nyeusi utakuta E338, yaani asidi ya fosforasi. Kwenye enaji utakuta E330, asidi ya sitriki, na mara nyingi E331, yaani sitrati ya sodiamu, pamoja nayo. Asidi ya sitriki ina mikono: ikishaondoa kalsiamu kwenye jino inaishikilia isirudi. Na hiyo E331 inafanya uchachu usiishe haraka. Mate yanapigana nayo muda mrefu zaidi kabla hayajashinda.

Mwl_Bios · #14

Nimekubali la 5.5, asante daktari. Nimetoka maabara ya shule sasa hivi. Nimechemsha kidogo soda nyeusi na enaji kutoa gesi, nikachukua mililita 50 za kila moja, soda nikaizimua ili rangi yake isinifiche kiashiria, kisha nikatitreti, yaani nikaongeza NaOH ambayo ni alkali, kidogo kidogo mpaka asidi iishe. Karatasi ya pH ilionyesha soda ni kali kuliko enaji. Lakini enaji imekula NaOH zaidi ya mara mbili ya soda kabla kiashiria cha fenolfthalini hakijageuka waridi. Sikutegemea.

Na gesi nilikuwa nimekosea. Baada ya kuchemsha gesi yote imetoka, pH karibu ni ileile.

Kibatari · #15

Mwalimu kakubali kukosea hadharani. Huu uzi unapaswa kuwekwa makumbusho.

Kijana_wa_Sabasaba · #16

Sasa si anywe zile zisizo na sukari? Mimi natumia hizo, meno fiti.

Bi_Mizani · #17

Kijana_wa_Sabasaba umepata nusu. Isiyo na sukari inamsaidia binti, kwa sababu bakteria wake hawana cha kula. Haimsaidii kaka yake. Asidi ni ileile, kopo litaandikwa E330 vilevile. Yenye sukari, kwenye enaji ya mililita 250 ni kama gramu 27, hiyo ndiyo inayotoboa. Utamu na uchachu ni mizigo miwili tofauti ndani ya chupa moja.

Hapo ndipo jibu la swali la kwanza lilipo, kwa maoni yangu. Kinywaji kimoja, lakini kila mtoto ameumizwa na nusu yake.

Mpwapwa_One · #18

Jamani mimi ufizi unatoka damu nikila muwa, hiyo nayo ni enaji? Sinywi enaji lakini.

Gego_la_Mwisho · #19

Mpwapwa_One, hapana, hiyo ni ukoga na ugaga. Kasafishwe. Anzisha uzi wako tutakuja.

Mzee_wa_Ubuyu · #20

Mnawasema vijana wa enaji. Sisi tumekula ubuyu, ukwaju na embe mbichi kwa chumvi tangu utoto, meno yalitia ganzi mchana, usiku tukala ugali kama kawaida. Ukwaju una asidi gani mnayoizidi? Mbona hatukuisha meno?

Bi_Mizani · #21

Mzee, shikamoo. Ukwaju ni mkali kweli, na mtu anayeumung'unya kila siku anamomonyoka vilevile, asidi haijali asili. Lakini ulikuwa wa msimu, mkila mkamaliza. Tofauti iko kwenye saa. Angalia chupa ya kijana ya usiku. Tuseme ni mililita 300 na funda dogo ni mililita 20. Hayo ni mafunda 15, yaliyotandazwa kwa saa 2, moja kila baada ya dakika 8. Mate yanahitaji dakika kadhaa kusafisha funda moja. Yanakaribia kumaliza, funda jingine linaingia. Meno yake yamelala ndani ya asidi saa 2 mfululizo. Angeinywa yote ndani ya dakika 10 pamoja na chakula, kiasi ni kilekile lakini mate yangekuwa mengi na yangemaliza kazi mara moja.

Na ya saa 11 jioni ni mbaya kwa sababu nyingine. Katoka mpirani, jua la Dodoma, kinywa kimekauka, mate ni machache na mazito. Anafungua enaji kukata kiu. Kiu ikatwe na maji kwanza.

Mzee_wa_Ubuyu · #22

Marahaba. Sawa kuhusu saa. Ila ubuyu siuachi.

Tabibu_Bahi · #23

Nimefika nimechelewa. Kuna jambo hamjauliza. Mkuu wa uzi, mwombe kijana afungue kinywa mbele ya dirisha, chukua kijiko cha chai kama kioo, uangalie NYUMA ya meno ya mbele ya juu, upande wa ulimi. Halafu magego ya chini, zile ncha za juu. Utuambie.

Mkazi_Nkuhungu · #24

Nimeangalia, binti kanishikia tochi. Nyuma ya meno ya mbele pamekuwa bapa, laini, panang'aa, na rangi ni ya manjano kuliko mbele. Ukingoni kabisa kwenye ufizi kumebaki kamstari kembamba keupe. Magego ya chini, kwenye ncha kuna vibonde vidogo kama vikombe vya mchezo, chini yake njano. Na kuna gego la kulia lilizibwa akiwa na miaka 11. Ile ziba sasa imesimama juu ya jino, kucha inajikwaa.

Gego_la_Mwisho · #25

Hiyo ziba ndiyo shahidi bora. Ziba haiyeyuki na sitriki, jino linayeyuka. Jino limeshuka, ziba imebaki kama kisiki. Kwenye kuoza ungeona kinyume: ukingo wa ziba unakuwa mweusi, laini, chakula kinanasa. Na kusaga meno usiku kungebapaza ncha zikutane sawasawa na za upande wa pili. Vikombe havikutani na kitu.

Na huo mstari mweupe ukingoni ni enameli iliyolindwa na ukoga kidogo na unyevu wa ufizi. Sasa mnaelewa habari ya koti.

Tabibu_Bahi · #26

Nakubaliana na ziba. Ila nyuma ya meno ya mbele pananitia shaka kuhusu enaji. Kinywaji cha chupa hupiga zaidi mbele na ncha. Pale nyuma, juu ya kaakaa, ndipo asidi inayopanda kutoka tumboni inapopita. Kijana anacheua usiku? Anaamka na ladha chungu, sauti ya kukwaruza, kikohozi cha kulala? Asidi ya tumbo ni kali kuliko soda yoyote, iko kati ya 1 na 2. Niseme pia kwa heshima: kwa vijana, hasa wa kike, kujitapisha kwa siri kunaacha alama pale pale. Siyo kwa huyu, lakini wazazi wajue.

Mkazi_Nkuhungu · #27

Ladha chungu asubuhi anayo. Nilidhani ni kulala na njaa. Kiungulia hajawahi kulalamika.

Gego_la_Mwisho · #28

Tabibu, hoja ipo, lakini nyuma ya meno si ushahidi wa tumbo peke yake. Vijana wengi husukasuka enaji mdomoni kupunguza gesi kabla ya kumeza, na ulimi unaisukuma pale nyuma. Nina wengi wasio na tumbo lolote na bado wako hivyo.

Tabibu_Bahi · #29

Na mimi nina wengi wa kiungulia kisichouma. Isitoshe, kafeini na gesi saa 5 usiku kisha kulala chali ni njia nzuri ya kulifungua tumbo. Kwa hiyo hata kama ni tumbo, enaji huenda ndiyo iliyofungua mlango.

Kibatari · #30

Madaktari wawili, meno mawili. Kijana wa watu anaisha tunabishana mlango.

Mkazi_Nkuhungu · #31

Nifanye nini wiki hii basi? Kumzuia kabisa sitaweza, duka liko mlangoni kwa shule. Mrija unasaidia?

Gego_la_Mwisho · #32

Mrija unasaidia ukivuka meno, ncha yake iwe ndani kabisa juu ya ulimi. Wengi wanauweka nyuma tu ya midomo, hapo unakuwa bomba la kumwagilia meno ya mbele. Na magego hauyasaidii kwa vyovyote.

Ningeanza hivi. Chupa ya usiku iondoke kabisa, hiyo ndiyo yenye madhara kuliko zote, kwa sababu akilala mate karibu yanasimama. Ya jioni aihamishie kwenye chakula, ainywe ya baridi, aimalize, asukutue kwa maji. Mswaki laini, dawa iliyoandikwa 1450 ppm, ateme bila kusukutua. Ukipata yenye stannous fluoride, yaani SnF2, kwenye orodha ya viambato, hiyo inalinda dhidi ya asidi kuliko floridi ya kawaida. Dawa za mkaa na za kung'arisha aziache, zinakwangua.

Floridi ya kawaida inamsaidia zaidi binti. Dhidi ya asidi ya chupa ulinzi wake ni mdogo, msitegemee dawa ya mswaki ibebe chupa mbili kwa siku.

Mkaa_wa_Kongwa · #33

Mkaa umeingiaje? Babu zetu walisugua kwa mkaa na chumvi.

Bi_Mizani · #34

Babu hakunywa E330 dakika tano kabla.

Kijana_wa_Sabasaba · #35

Na kama meno yameshafupika yanarudi?

Gego_la_Mwisho · #36

Hayarudi. Mate yanaweza kukaza ngozi iliyolainika, hayawezi kujenga kilichoondoka. Ncha hujengwa kwa ziba ya rangi ya jino, lakini siweki kabla asidi haijasimama, itabaki juu kama ile ya gego. Kwanza nachukua vipimo, modeli ya plasta na picha. Baada ya miezi 6 narudia na kulinganisha. Zikifanana, imesimama. Zisipofanana na chupa zimeachwa, Tabibu_Bahi atakuwa ameshinda na kijana aende akapimwe tumbo.

Tabibu_Bahi · #37

Nisingesubiri miezi 6. Ainue kichwa cha kitanda, asile chochote kwa muda wa saa tatu kabla ya kulala, wiki mbili. Ladha chungu ya asubuhi ikiondoka nitapata jibu langu mapema.

Gego_la_Mwisho · #38

Ikiondoka wakati na chupa ya usiku imeondoka, utajuaje ni kipi?

Mkazi_Nkuhungu · #39

Asanteni wote. Chupa ya usiku imeondoka kuanzia leo, kwa kelele. Matofali mawili yako chini ya kitanda. Modeli ya plasta kliniki walikompima hawafanyi, natafuta kwingine.

Mnyaturu_Halisi · #40

Na yale madoa ya kahawia mbona hamjayarudia? Yanatolewa vipi?

Mwl_Bios · #41

Mkuu wa uzi, kesho nitatitreti ukwaju wa sokoni Majengo na ubuyu wa Mzee. Mzee, lete robo kilo.

Mzee_wa_Ubuyu · #42

Naleta. Ila ukimaliza unirudishie.